Chupa Tatu za Wiki ya Chanjo: Uchambuzi wa Kisa cha Homa ya Ini B Katika Damu ya Kuchangia, Tanga

Kisa hiki kilianza Ijumaa asubuhi, majibu ya damu iliyokusanywa siku iliyotangulia yalipotoka kwenye mashine. Damu ilikuwa imetoka sehemu mbili: chuo kimoja cha afya hapa Tanga mjini na kikundi cha wachangiaji kutoka upande wa Pongwe. Kila chupa hupimwa mambo manne: VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Sampuli za chuo zote zilikuwa safi kwa VVU, homa ya ini C na kaswende. Kwenye homa ya ini B, tatu zilivuka kikomo.

Majina ya watu, ya chuo na ya kituo nimeyaacha, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadili. Nawaita wachangiaji wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Kwanza, mashine ilipima nini? Kipimo cha HBsAg hakitafuti kirusi kizima. Kinatafuta protini ya ganda la nje la kirusi cha homa ya ini B, ile inayoitwa antijeni ya uso. Mashine hutoa mwanga kulingana na kiasi cha antijeni iliyonaswa, kisha huugawa mwanga huo kwa mwanga wa kikomo. Jibu husomeka kama S/CO. Likifika 1.00 au zaidi, sampuli imeitikia. Chini ya hapo, haijaitikia. Maabara ya damu haisemi "ana ugonjwa" katika hatua hii. Inasema sampuli imeitikia, basi.

Wachangiaji wetu walisoma hivi: wa kwanza 2.31, wa pili 1.46, wa tatu 3.02. Siku hiyo hiyo, mchangiaji mmoja wa kundi la Pongwe alisoma zaidi ya elfu moja. Huyo hakutusumbua kichwa. Mtu mwenye homa ya ini B ya muda mrefu kwa kawaida ana antijeni nyingi mno kwenye damu, na namba yake huruka juu bila haya. Namba ya 2 au ya 3 ndiyo inayomfanya mtu wa maabara avute kiti akae.

Damu yote, iwe imeitikia au haijaitikia, ilikuwa bado karantini. Huo ni utaratibu wa kila siku na hauhusiani na shaka yoyote: chupa haipati lebo ya kutumika mpaka majibu yote manne yatoke na yahakikiwe na mtu wa pili. Tofauti ni kwamba baada ya majibu ya kwanza chupa hizi tatu zilihamishiwa kwenye jokofu lenye kufuli, zikabandikwa lebo nyekundu, na namba zake zikafungwa kwenye mfumo ili mtu asiweze kuzichapia lebo ya kutolewa hata kwa bahati mbaya.

Kabla ya kurudia kipimo, mtu lazima ajiulize ni kitu gani kinaweza kuidanganya mashine. Kwa majibu dhaifu ya namna hii, mshukiwa wa kwanza ni sampuli yenyewe. Damu ambayo haikuachwa igande vizuri kabla ya kuzungushwa hubaki na nyuzinyuzi za fibrini, na nyuzi hizo hunasa kemikali ya kutoa mwanga hata kama antijeni haipo. Kwa hiyo sampuli zilizungushwa upya, tukazichungulia dhidi ya taa, tukahakikisha hakuna uzi unaoelea. Mshukiwa wa pili ni uchafuzi kutoka sampuli ya jirani: sindano ya mashine ikitoka kunyonya sampuli kali kama ile ya Pongwe, tone dogo linaweza kumfuata anayekuja nyuma. Tukaangalia mpangilio kwenye raki. Sampuli ya Pongwe ilipimwa mwisho kabisa, baada ya za chuo zote, kwa hiyo haikuwa na wa kumchafua. Mshukiwa wa tatu ni vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Lakini sampuli za kudhibiti ubora zilikaa mahali pake, na wachangiaji wengine wa Pongwe waliopimwa kwa boksi lile lile la vitendanishi walisoma chini kabisa.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho namba moja moja haikionyeshi. Dhaifu zote tatu zilitoka chuo kimoja, siku moja.

Tukarudia kila sampuli mara mbili. Mchangiaji wa kwanza alitoa 2.18 na 2.25. Wa pili na wa tatu nao walirudi karibu na namba zao za awali. Namba zinazorudiana namna hii ni ushahidi: hitilafu ya bahati, kama kiputo cha hewa au uzi wa fibrini, hairudii namba ile ile mara tatu. Kitu kinachonaswa kimo ndani ya sampuli kweli. Tulikata pia kipande cha mrija uliounganishwa na mfuko wa kila mmoja tukapima damu iliyomo, ili kuondoa uwezekano kwamba chupa za sampuli zilibadilishana wakati wa kubandika lebo pale chuoni. Mirija ilikubaliana na sampuli.

Kuanzia hapo kisa kinagawanyika njia mbili, na matatizo mengi niliyoyaona kwenye kazi hii yanatokana na watu kuzichanganya. Njia ya kwanza ni ya chupa: itumike au isitumike? Njia ya pili ni ya mtu: anaumwa au haumwi? Swali la chupa lilikwisha Ijumaa ile ile mchana. Sampuli ikiitikia, ikarudiwa mara mbili, na hata moja tu kati ya mbili ikaitikia tena, damu hiyo haimfikii mgonjwa. Vipimo vya uthibitisho vinavyofuata havifanywi ili kuiokoa chupa. Vinafanywa kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye kiti akatoa mkono wake.

Jumamosi swali la chupa lilifufuliwa, na aliyelifufua alikuwa na sababu. Mchangiaji wa kwanza alikuwa kundi O hasi, na wodi ya watoto ilikuwa na mtoto wa kundi hilo aliyeishiwa damu kwa malaria. Daktari wa zamu alipiga simu.

"Nasikia mna O hasi imekaa hapo."

"Ipo, dokta, lakini imeitikia HBsAg."

"Kwa kiasi gani?"

"Mbili nukta tatu. Tumerudia, imeitikia tena."

"Mbili tu? Si ndio hizo mnazosema mara nyingi huwa za uongo?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ni kweli kwamba miongoni mwa wachangiaji wenye afya, sehemu kubwa ya majibu dhaifu huishia kuwa si maambukizi. Lakini siku ile, kwa tulichokuwa nacho mezani, antijeni kidogo ilikuwa na maelezo kadhaa, na mojawapo ni baya kupita yote: mtu aliyeambukizwa juzijuzi. Kirusi cha homa ya ini B kikiingia mwilini, hukaa wiki kadhaa kabla antijeni haijafikia kiwango cha kuonekana. Inapoanza kuonekana huwa ni kidogo, kisha huongezeka maradufu kila baada ya siku chache. Mtu anayekamatwa siku ya kwanza au ya pili ya kuonekana huko angesoma 2.31 sawasawa na mchangiaji wetu wa kwanza, naye damu yake imejaa virusi hai. Mtoto mdogo akiambukizwa homa ya ini B, uwezekano wa kubaki nayo maisha yake yote ni mkubwa kuliko wa mtu mzima. Hakuna namba kwenye skrini iliyoweza kututenganishia hali hizo Jumamosi ile.

Daktari alinyamaza kidogo, akauliza O hasi nyingine iko wapi. Ilipatikana moja kwenye hospitali ya wilaya jirani, ikaletwa kwa gari jioni.

Sasa upande wa mtu. Hatua ya kwanza ya uthibitisho wa HBsAg ni kipimo cha kuizima antijeni. Unaigawa sampuli mafungu mawili. Fungu moja unalitia kingamwili dhidi ya antijeni ya uso, jingine unalitia kimiminika kitupu kisicho na kingamwili. Unayapima yote mawili. Kama kilichokuwa kinatoa mwanga ni antijeni ya kweli, kingamwili itaikumbatia, mashine haitaiona tena, na mwanga utashuka kwenye fungu la kwanza lakini si kwenye la pili. Kama ni kitu kingine kilichojibandika tu, kingamwili haitakigusa na mwanga utabaki pale pale kwenye mafungu yote mawili. Mwanga ukishuka kwa asilimia 50 au zaidi, na fungu la kulinganishia likabaki limeitikia, sampuli inahesabiwa imethibitishwa. Kila aina ya kifurushi cha kipimo ina kanuni yake ndogo ndogo, lakini kiini ndicho hicho.

Fungu la kulinganishia la mchangiaji wa kwanza lilisoma 2.10, lililotiwa kingamwili likasoma 0.36:

```
(2.10 - 0.36) / 2.10 x 100 = 83%
```

Wa pili alishuka kwa asilimia 78, na wa tatu alikuwa karibu na wa kwanza. Wote watatu walithibitishwa.

Hapa ndipo kisa kingeweza kuharibika kimya kimya. Fomu ya matokeo ina kisanduku kilichoandikwa "imethibitishwa", na kisanduku hicho kikishawekwa alama, barua inayofuata inamwambia mchangiaji kwamba ana homa ya ini B na haruhusiwi kuchangia damu tena maishani. Mwenzangu alikuwa ameshaandaa barua tatu. Nilimwomba aziweke kwanza, kwa sababu kipimo cha kuizima antijeni kinajibu swali moja tu: je, kilichomo ni antijeni ya uso? Hakijibu swali la antijeni hiyo imetoka wapi.

Na ipo njia ya antijeni ya uso kuingia kwenye damu ya mtu bila kirusi. Chanjo ya homa ya ini B imetengenezwa kwa antijeni hiyo hiyo, iliyozalishwa na hamira iliyopewa jeni la kirusi. Dozi ya mtu mzima huwa na mikrogramu 10 au 20 za protini hiyo, kutegemea mtengenezaji. Ni protini tupu, haina kirusi na haiwezi kuambukiza. Lakini inadungwa msulini, na kwa baadhi ya watu kiasi kidogo huingia kwenye mzunguko wa damu na kuonekana na mashine nyepesi za kisasa. Kwa kawaida ni siku chache tu baada ya sindano, ingawa imeripotiwa hadi siku ya 18. Na kwa kuwa ni antijeni ya kweli, itazimwa na kingamwili vizuri kabisa. Ukiipima kwa mashine ya kampuni nyingine itaitikia vile vile. Kipimo cha uthibitisho hapa hakikosei, ila hakikuundwa kutofautisha ganda lililotoka kwa kirusi na ganda lililotoka kiwandani.

Wanafunzi wa afya huchanjwa homa ya ini B kabla ya kuanza mazoezi wodini. Niliangalia dodoso za wachangiaji watatu. Swali la chanjo lilikuwepo, mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, likiwa limeunganishwa na la dawa, la meno na la upasuaji: "Je, katika wiki nne zilizopita umetumia dawa, umepata chanjo, umeng'olewa jino au kufanyiwa upasuaji?" Wote watatu wamejibu hapana. Ukiwa kwenye foleni, jua la Tanga linapiga hema, na unaulizwa mambo manne kwa pumzi moja, unajibu lile la kwanza ulilolisikia. Nikampigia mlezi wa wanafunzi, nikamuuliza kuhusu ratiba ya chuo kwa jumla bila kutaja mtu. Mwaka wa kwanza walichanjwa dozi ya kwanza Jumatatu. Sisi tulikusanya damu Alhamisi.

Siku tatu. Inalingana, lakini kulingana si ushahidi. Mwanafunzi wa afya anaweza kuchanjwa Jumatatu akiwa tayari ameambukizwa mwezi uliopita. Sindano haimkingi dhidi ya kilichokwishaingia. Na wenzao wengi waliochanjwa siku ile na kuchangia nao walisoma chini kabisa. Hilo nalo halikutuambia kitu, maana antijeni ya chanjo haionekani kwa kila mtu.

Kilichofuata ni vipimo viwili vyenye uwezo wa kutenganisha. Cha kwanza ni kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, yaani anti-HBc. Chanjo ina ganda la nje peke yake, haina kiini. Kwa hiyo aliyechanjwa tu hawezi kutengeneza kingamwili hiyo. Mwenye homa ya ini B ya muda mrefu huwa nayo karibu siku zote. Wote watatu hawakuwa nayo. Jibu hilo peke yake lilifuta uwezekano wa ugonjwa wa muda mrefu, ule unaowapata watu wengi wa kwetu tangu utotoni. Lakini halikufuta maambukizi mapya, kwa sababu kwenye maambukizi mapya antijeni ya uso hutangulia na kingamwili ya kiini hufuata baadaye. Yaani lile lile tulilokuwa tunaliogopa Jumamosi bado lilikuwa mezani.

Cha pili ni kipimo cha vinasaba vya kirusi. Kwenye maambukizi mapya vinasaba huonekana kabla ya antijeni. Hivyo mtu ambaye antijeni yake inaonekana, halafu vinasaba havionekani kwenye sampuli ile ile iliyopimwa peke yake bila kuchanganywa na za wengine, ni vigumu sana kumweka kwenye kundi la maambukizi mapya. Sampuli za plazma zilikuwa zimetengwa mapema na kugandishwa. Zikapelekwa Dar es Salaam kwenye barafu. Majibu yalichukua takriban wiki mbili. Wakati huo wote barua zilibaki kwenye droo.

Wachangiaji wenyewe hawakuachwa gizani. Siku chache baada ya kipimo cha kuizima antijeni, waliitwa mmoja mmoja na mshauri nasaha, kwa simu zao wenyewe. Hatukupitia ofisi ya chuo, na kwenye simu hawakuambiwa zaidi ya kwamba tunaomba kuonana nao tena. Jambo hili linaonekana dogo mpaka lifanywe vibaya. Kwenye chuo, bahasha ikipita mikono miwili, mabweni yote yanajua.

Binti wa kwanza alikuja siku ya pili yake.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa hapa. Damu uliyotupa tumeipima. Kipimo kimoja, cha homa ya ini B, kimeonyesha kitu kidogo, na bado hatujajua kitu hicho kimetoka wapi. Kabla sijaendelea, niambie: wiki ile ulipochangia, ulidungwa sindano yoyote?"

"Ya chanjo, Jumatatu. Tulidungwa darasa zima."

"Basi inawezekana kabisa ni hiyo. Lakini sitaki kukuambia ndiyo leo halafu nije nikuambie hapana. Tunasubiri jibu moja, halafu tutakupima tena."

Aliuliza kama aache kula na wenzake. Akaambiwa hapana, homa ya ini B haiambukizwi kwa sahani. Akaombwa asichangie damu, na asitumie wembe au mswaki na mtu mwingine mpaka majibu yakamilike, ushauri ambao ungemfaa kwa hali yoyote kati ya zile mbili.

Wa pili yeye alikuwa ameshachukua hatua zake. Baada ya kupigiwa simu alikwenda duka la dawa la mtaani akapimwa kwa kipimo cha haraka cha kuchovya, kikatoka hasi, akaja na kijikaratasi mkononi akitaka aambiwe maabara yetu imekosea. Ilibidi aelezwe kwamba vipimo vya haraka vinahitaji antijeni nyingi zaidi ndipo mstari utokee. Mtu wa 1.46 kwenye mashine anaweza kupita hapo bila kuonekana, iwe antijeni yake ni ya chanjo au ya kirusi. Kipimo chenye macho mazito hakiwezi kumsahihisha chenye macho mepesi. Nimeona hata wahudumu wa afya wakikitumia kipande cha haraka kama uthibitisho wa jibu la mashine, na wakimtuliza mtu ambaye hakupaswa kutulizwa bado.

Turudi kwenye chupa, maana nazo zilikuwa na safari yake. Kila mchangiaji alikuwa ametoa mililita 450, na jioni ile ile ya Alhamisi damu ilikuwa imetenganishwa: chembe nyekundu mfuko mmoja uliokwenda kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, plazma mfuko mwingine uliokwenda kwenye friza. Kwa hiyo "chupa tatu" za lugha ya kawaida ni mifuko sita. Hapa ndipo mahali pa hatari kuliko pote kwenye utunzaji wa damu iliyoitikia. Chembe nyekundu zinaonekana kila siku, kila mtu anafungua jokofu lile. Plazma iliyoganda inakaa hadi mwaka mzima, chini ya nyingine, na baada ya miezi hakuna anayekumbuka kisa chake. Mfuko wa plazma uliosahaulika una namba halali na kundi halali la damu.

Siku ya kuteketeza, trei ilikuwa na mifuko mitano. Mfumo ulisema sita. Kazi ikasimama. Mfuko wa sita, plazma ya mchangiaji wa tatu, ulipatikana kwenye rafu ya karantini ya kawaida, lebo yake nyekundu ikiwa imebanduka kwa barafu na kulala sakafuni mwa friza. Kufuli la kwenye mfumo lingeuzuia usitolewe, na ndiyo maana kufuli lipo. Lakini umeme ukikatika na watu wakarudi kwenye daftari, kinga pekee inayobaki ni lebo, na lebo ya karatasi ya kawaida haishiki kwenye plastiki yenye barafu. Tangu hapo lebo nyekundu za plazma ni zile zenye gundi ya friza.

Mifuko sita, pamoja na chupa za sampuli zilizobaki, ikahesabiwa na watu wawili waliosaini wote. Ikaingia kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwa nyuzi 121. Mfuko wa damu si sawa na vyombo vya upasuaji: ni kimiminika kingi ndani ya plastiki, na joto huchelewa kufika katikati. Mzunguko mfupi wa vyombo hautoshi, kwa hiyo unatumika mzunguko mrefu wa saa nzima, na mifuko inapangwa ikiwa imeachana. Kiashiria cha joto kinawekwa katikati ya mzigo, si juu yake, maana cha juu kitabadilika rangi huku damu ya katikati ikiwa vuguvugu. Baada ya hapo mabaki yalipelekwa kwenye kichomea taka chenye vyumba viwili. Mifuko hii ni plastiki ya PVC. Ukiichoma kwenye tanuri la moto hafifu au shimoni nyuma ya jengo, moshi wake ni sumu. Namba sita zikafungwa kwenye rejista kwa tarehe, sababu na saini.

Wiki ya tatu majibu ya Dar es Salaam yalirudi: vinasaba vya kirusi havikuonekana kwa yeyote kati ya watatu. Maelezo ya chanjo yakawa na nguvu kuliko mengine yote. Mtu anaweza kuuliza kama tuliharibu O hasi nzima bure, maana chembe nyekundu kwenye mfuko wenye dawa ya kuhifadhi ya CPDA-1 hukaa siku 35 na ungekuwa na muda bado. Kwa mfuko ule mmoja, pengine ndiyo. Lakini maabara inayoweka rafu ya chupa "zilizoitikia lakini huenda zikafaa" inakaribisha siku ambayo mtu mchovu, saa nane za usiku, atachukua mfuko usio wenyewe. Mimi rafu hiyo siitaki.

Ilibaki sampuli ya marudio, na hapa palikuwa na mtego wa tarehe. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ukimpima mchangiaji wiki ya tano, siku chache baada ya dozi ya pili, unaweza kuikuta antijeni ya chanjo tena na kudhani imeendelea kuwepo tangu mwanzo. Hapo kisa kizima kinageuka. Kwa hiyo tulikubaliana wachukuliwe damu siku ile ile ya dozi ya pili, asubuhi, kabla ya sindano. Zingekuwa zimepita siku 28 tangu dozi ya kwanza, muda wa kutosha antijeni ya chanjo kuondoka, na wa kutosha pia antijeni ya kirusi, kama kweli ipo, kupanda kutoka 2 hadi kusikoweza kupuuzwa.

Wa kwanza alisoma 0.21, wa pili 0.18. Kingamwili ya kiini bado haikuwepo kwa wote wawili. Barua za zamani zikachanwa. Mpya zikasema kwamba hakuna dalili ya maambukizi ya homa ya ini B, kwamba jibu la awali linaelezwa na chanjo, na kwamba zuio lao la kuchangia ni la muda tu. Walishauriwa wamalize dozi zote na wasichangie damu ndani ya wiki nne baada ya kila sindano.

Dodoso nalo limebadilika. Swali la chanjo sasa liko peke yake, linaulizwa kwa mdomo, na anayeuliza anataja homa ya ini B kwa jina. Kwa vyuo vya afya tunaomba ratiba ya chanjo kabla ya kupanga siku ya kukusanya damu.

Wa tatu, mwenye 3.02, hakufika asubuhi ile. Alikuwa ameshahamia mazoezini Handeni na dozi ya pili aliipata huko huko, siku mbili mapema. Sampuli yake itachukuliwa wiki nne baada ya dozi hiyo, na mpaka wakati huo mfumo unamwonyesha kama mchangiaji aliyezuiwa, uthibitisho haujakamilika. Mshauri amempigia kumweleza sababu ya kungoja.